Joto Lililonasa Chini ya Zulia

Shemeji alinipigia simu Januari, saa moja asubuhi, akiwa amevaa koti ndani ya nyumba yake mwenyewe. Anaishi Milton Keynes, Uingereza, yeye na dada yangu na watoto watatu, katika nyumba ambayo sebule yake haina rejeta hata moja ukutani. Joto linatoka sakafuni. Muuzaji aliwaambia ni anasa. Wao wakaamini, wakaingia.

"Shemeji, hii sakafu imenishinda," akasema. "Naiwasha alfajiri nikimaliza kusali, joto linakuja adhuhuri. Saa hiyo mimi niko kazini, watoto wako shule. Tunapasha moto viti."

Kazi yangu ndiyo hiyo, mabomba na joto, na malalamiko haya nimeyasikia kwa lugha nyingi. Kila mtu huja na jibu lake mkononi: boila imechoka, ibadilishwe. Mara nyingi boila haina kosa. Joto limetoka kwenye boila vizuri tu, likanasa mahali fulani njiani, na kazi ya fundi ni kutafuta limenasa wapi.

Kwanza nieleze mfumo wenyewe kwa ambao hawajauona. Chini ya sakafu kumelazwa bomba la plastiki lenye unene wa milimita 16, limezungushwa kama jamvi la nyoka, mstari na mstari vikiachana sentimita 15 hivi. Juu yake imemwagwa saruji ya kusawazisha, ile mafundi wanayoiita skridi, na juu ya skridi ndipo panapowekwa marumaru, mbao au zulia. Boila inapasha maji, koki ya kuchanganyia inayapooza yasizidi nyuzi 40 hivi, pampu inayasukuma, na manifoldi inayagawa, kila chumba kikapata mzunguko wake mmoja au miwili. Maji yanakwenda, yanaacha joto lake kwenye saruji, yanarudi yamepoa. Basi.

Sasa ile saruji ndiyo yenye siri ya kwanza. Sebule ya shemeji ina mita za mraba 24 na skridi ya milimita 65. Ukizidisha, unapata mita moja na nusu ya ujazo, yaani tani 3 za saruji. Tani tatu! Kuipandisha saruji hiyo joto kwa nyuzi moja tu kunakula karibu robo tatu ya uniti, uniti ileile unayonunulia umeme. Rejeta ya ukutani ni kopo la chuma lenye maji kidogo, dakika 10 limeshika moto. Hapa unapasha mzigo wa lori kabla chumba hakijahisi kitu.

Kwa hiyo kuna uchelewaji wa halali. Sakafu ya saruji iliyopoa kabisa ikichukua saa 3 au 4 kupasha chumba, haina ugonjwa, ndiyo maumbile yake. Ikichukua saa 7, au ikafika jioni chumba bado baridi, hapo kuna jambo. Nilimwambia shemeji ninakuja Jumamosi, na kwamba asizime chochote usiku wa Ijumaa. Sakafu baridi haisomeki: mwanzoni saruji inafyonza joto kwa pupa, na kila kipimo utakachochukua kitakudanganya. Inapimwa ikiwa imeshafanya kazi saa kadhaa.

Dada alinifungulia mlango, na kabla sijavua viatu akanipa dalili ambayo haikuhitaji kipimo. "Kaka, ukitaka joto nenda chooni. Choo kinaunguza nyayo. Sebuleni ndio tunatetemeka."

Choo cha moto na sebule baridi, vyote vikila maji ya pampu moja. Nikaenda moja kwa moja chini ya ngazi.

Manifoldi ilikuwa humo kabatini, imezingirwa na mifagio na kiti cha mtoto cha gari. Ni vyuma viwili vilivyolala sambamba, kimoja kinapeleka maji, kingine kinapokea yanayorudi, na kila mzunguko umeshikwa kwenye vyote viwili. Juu ya chuma cha kupeleka kuna vibomba vidogo vya plastiki inayoonyesha ndani, kila mzunguko na chake, vimechorwa namba kuanzia 0 hadi 5. Ndani ya kila kibomba kuna alama nyekundu inayoshuka maji yanapopita, nayo inakuonyesha ni lita ngapi kwa dakika. Watu hukaa miaka 10 na kabati hili bila kujua kwamba namba zile zinasomeka na mwenye nyumba kama anavyosoma mita ya umeme.

Nikazisoma, shemeji akimulika kwa tochi ya simu. Choo, ambacho bomba lake lina mita 15 tu, lita 3. Korido, lita 2 na nusu. Jiko, lita 1. Sebule ina mizunguko miwili ya mita 80 kila mmoja. Wa kwanza, nusu lita. Wa pili, nusu lita.

"Nusu lita ni mbaya?" akauliza.

Nikampa hesabu ninayoitembeza kichwani siku zote. Chukua lita kwa dakika, zidisha kwa tofauti ya joto kati ya maji yanayokwenda na yanayorudi, zidisha kwa 70, unapata wati. Maji yake yalikuwa yanakwenda na nyuzi 37 na kurudi na 22. Tofauti ni 15. Nusu lita, mara 15, mara 70, ni kama wati 525. Mizunguko miwili, kilowati moja. Ni joto la hita ndogo ya umeme ya kuwekwa chini ya meza, na limepewa kazi ya kupasha tani 3 za saruji. Kupandisha tu nyuzi 9 kunahitaji uniti 7. Kwa kilowati moja hizo ni saa 7, bila kuhesabu linalopotea madirishani. Akiwasha saa 12 asubuhi, hesabu inaangukia saa 7 mchana. Alichoniambia kwenye simu kilikuwa kweli tupu.

Hapo tofauti ya joto ndiyo iliyosema. Maji yanapokwenda na nyuzi 37 yakarudi 22, sakafu inayapokonya kila kitu njiani, na mwisho wa bomba hakuna kilichobaki. Bomba lina njaa. Sakafu ya sebule ikishapata moto, tofauti nzuri iko kati ya nyuzi 5 na 10. Ikiwa kubwa kuliko hapo, maji ni machache. Ikiwa ndogo sana, maji yapo lakini joto halina pa kutokea. Nitarudi kwenye hili la pili, maana ndilo lililotushika mpaka usiku.

Neno moja kuhusu kupima. Vile vipimajoto vya kuelekeza kama bastola ni rahisi na vizuri kwa sakafu, ila ukivielekeza kwenye shaba au chuma kinachong'aa vinakupa namba ya uongo. Mimi hubandika kipande cha utepe mweusi wa fundi umeme juu ya bomba, nasubiri kidogo, napima utepe.

Kwa nini nusu lita? Aliyeufunga mfumo aliondoka bila kuusawazisha. Maji ni mvivu, hupita palipo rahisi. Ukimwachia wazi bomba fupi la choo na bomba refu la sebule, yatakimbilia chooni, yatazunguka yarudi, na pampu itadhani imefanya kazi. Hapa ilikuwa mbaya zaidi, kwani vipimo vya sebule vilikuwa vimezungushwa mpaka karibu kufungwa, na vya choo na korido viko wazi kabisa. Pengine fundi alivijaribu akasahau, pengine mtu alivigusa baadaye. Sikuona faida ya kumtafuta.

Kusawazisha ni kazi ya mkono na subira. Nilianza na mafupi: choo nikakibana hadi nusu lita, korido nusu lita. Halafu nikaifungua mizunguko ya sebule mpaka mwisho. Unapokibana kimoja, vingine vinapanda vyenyewe, kwa hiyo unazunguka tena na tena, ukikaa dakika moja kila mara uone alama imetulia wapi. Jiko nikaliacha kwenye lita 1 na nusu. Sebule ikapanda kutoka nusu hadi lita 1 na kidogo, kila mzunguko. Ikagoma hapo.

Kama ingebaki kwenye sifuri kabisa ningeshuku mambo mawili. Moja ni hewa iliyonasa kwenye bomba, ambayo hutolewa kwa kufunga mizunguko mingine yote na kusukuma maji kwa nguvu kwenye ule mmoja hadi mapovu yaishe. Lingine ni kile kipini kidogo chini ya kichwa cha umeme kinachofungua na kufunga mzunguko kwa amri ya themostati. Kikikaa majira yote ya joto bila kusogea hukwama chini. Unafungua kichwa kwa mkono, unakibonyeza kipini kwa kitu bapa, na kinapaswa kurudi juu kama chemchemi ya kalamu. Vya shemeji vilirudi vizuri. Basi kilichobaki kilikuwa pampu.

Pampu ilikuwa inazunguka, unaisikia kwa kiganja, na ilikuwa na taa yake ya kijani, ndiyo maana hakuna aliyeishuku. Lakini pampu kuzunguka ni jambo moja na kusukuma vya kutosha ni lingine. Nguvu yake hupimwa kwa mita, na mita hizo hazihusu ghorofa. Ni msukumo wa kuyashinda maji yanavyosuguana na bomba. Mita 80 za bomba jembamba, maji yakipita kwa lita 2 kwa dakika, zinakula zaidi kidogo ya mita moja ya msukumo. Ongeza koki, kichujio na ile koki ya kuchanganyia, unahitaji kama mita 2. Hii ilikuwa imewekwa kwenye ngazi ya chini kabisa, tena kwenye mtindo wa kujipunguza: maji yakipungua, na yenyewe inalegeza msukumo ili kuokoa umeme. Mtindo huo una mahali pake kwenye nyumba ya rejeta zenye mabomba marefu ya kufikia vyumba. Kwenye sakafu, kikwazo kikubwa kiko ndani ya kila mzunguko wenyewe, kwa hiyo mimi huweka msukumo usiobadilika. Nilibonyeza kitufe, taa zikahama, nikaiweka kwenye mita 2 za kudumu.

Alama nyekundu zikashuka mbele ya macho yetu. Sebule, lita 2 na lita 2. Choo kikapanda, nikakibana tena. Shemeji akacheka kama mtu aliyeona mita ya maji ikirudi nyuma.

Nilifungua pia kichujio kilicho mbele ya pampu, nikiwa nimezima umeme na kufunga koki za pande mbili. Kilitoa tope jeusi kiasi cha kijiko cha chai. Kidogo. Nimewahi kuona kilichoziba kama chujio la kahawa, na hapo ungenunua pampu mpya ya bei mbaya bila sababu.

Saa 5 asubuhi tulikuwa tumemaliza, nami ningeweza kuondoka na sifa. Kwa lita 4 jumla na tofauti ya nyuzi 8, sebule ilikuwa sasa inapata zaidi ya kilowati 2, maradufu ya asubuhi. Ila dada alikuwa anapika pilau, na fundi anayeondoka kwenye pilau simwelewi. Nikakaa. Mchana themostati ikapanda kutoka 16 hadi 17, ikapanda hadi 18. Jioni ikabaki 18. Saa 4 usiku bado 18, nje ikiwa nyuzi 3.

Nikarudi kabatini na utepe wangu. Maji yanakwenda na 37, yanarudi na 33. Tofauti nyuzi 4 tu. Asubuhi bomba lilikuwa na njaa. Sasa lilikuwa limeshiba na sahani imekataliwa. Maji yalikuwa yanazunguka na joto lake na kurudi nalo.

Nikamtazama dada. Akajua.

"Kaka, zulia langu usiliguse."

Lilikuwa zulia la ukuta kwa ukuta, zito, rangi ya damu ya mzee, walilowekewa walipohamia. Kwao sebule ni mahali pa kuketi chini. Wageni wakija viti vinasukumwa pembeni na chakula kinatandikwa. Zulia lile lilikuwa na maana kuliko kochi. Nami sikulichukia. Niliomba kona moja tu, nyuma ya kabati la runinga, pale linapofunguka kwenye vile vijiti vya misumari. Chini yake kulikuwa na sponji nene, laini, ya aina inayowafanya watu dukani waseme "wow" wakikanyaga.

Juu ya zulia kipimo kilisoma nyuzi 22. Nikafunua, nikapima saruji: 30. Nyuzi 8 zilikuwa zimelala kati ya saruji na nyayo za watoto.

Kila kitu unachotandika juu ya sakafu ya moto ni blanketi. Uingereza wanalipima blanketi hilo kwa togi, kipimo kilekile kilichoandikwa kwenye mifarishi ya kujifunikia. Marumaru ya milimita 10 ni sehemu ya kumi ya togi, karibu na sifuri. Kanuni ya Ulaya ya sakafu hizi inaweka kikomo cha togi 1 na nusu kwa tandiko lote pamoja, zulia na kilicho chini yake. Ukitaka kujua tandiko lako ni togi ngapi bila kuuliza dukani, unaweza kulipima palepale. Sakafu hutoa kama wati 11 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi inayozidi joto la chumba. Juu ya zulia 22, chumba 18: nyuzi 4, yaani wati 44 kwa mita. Nyuzi 8 zilizonasa ukizigawa kwa 44 unapata 0.18, na hiyo ni togi 1.8. Limepita kikomo, si kwa mengi, lakini kwa kutosha.

Hesabu hiyo ilinipa na kitu kingine nilichokuwa nakihofia moyoni. Wati 44 kwa mita 24 ni kama wati 1,050 zinazoingia chumbani. Na maji je? Lita 4, mara nyuzi 4, mara 70, ni 1,120. Zinakaribiana. Maana yake kinachoingia sakafuni ndicho kinachotoka juu, hakuna kinachoteremkia ardhini. Kama maji yangekuwa yanaacha wati 2,000 na chumba kinapata 1,050, ningejua kwamba chini ya skridi hakuna yale mabamba ya povu gumu ya kuzuia joto, na kwamba shemeji analipa bili ya kuwapasha minyoo. Ugonjwa huo hauna dawa ya Jumamosi. Ni kuvunja sakafu. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

Shemeji akauliza swali la maana kuliko yote. "Lakini zulia linazuia joto lisifike juu. Linahusikaje na kuchelewa?"

Linahusika hivi. Ili sebule ile ikae kwenye nyuzi 20 na kidogo siku kama ile, uso wa juu unapaswa kuwa 25. Kwenye marumaru, saruji nayo inatosha kuwa karibu 26. Ikianzia 16, ni kupanda nyuzi 10, uniti 7 na nusu. Chini ya zulia na sponji ile, saruji ingebidi ifike 34 ndipo juu pawe 25. Hizo ni nyuzi 18, uniti 14. Tani zilezile 3, pampu ileile, lakini mzigo umekuwa mara mbili na saa zimekuwa mara mbili. Na kwa maji ya nyuzi 37 isingefika 34 hata ukisubiri hadi kesho, kwa kuwa saruji siku zote hubaki nyuma ya maji kwa nyuzi kadhaa.

Kuna njia ya mkato na niliisema mwenyewe kabla hajaisema yeye: kupandisha maji hadi 43 au 44. Kwa boila ya gesi inawezekana, chumba kingepata moto. Lakini saruji bado ingehitaji zile uniti 14, na siku ikitokea jua la ghafla lingebaki humo ndani likiwapika hadi usiku. Mwenye sakafu ya mbao hana hata njia hiyo, kwani uso wa mbao hautakiwi kupita nyuzi 27, na anayetumia pampu ya joto ya umeme badala ya boila ataiona kila nyuzi aliyoiongeza kwenye bili.

Tulimaliza kwa sulhu. Zulia likabaki, sponji ikatoka. Wiki iliyofuata waliweka mahali pake mpira mwembamba, mzito, uliotengenezwa kwa sakafu za moto; jumla ya tandiko ikashuka hadi togi 1.2. Maji nikayapandisha nyuzi 2 tu, hadi 39. Dada anasema halikanyagiki kama zamani, na ana haki, halikanyagiki. Chumba kinafika 20 na nusu.

Kuhusu saa, nilimwambia ukweli ambao hakuutaka. Sakafu ile ikizimwa usiku kucha, hata sasa itachukua saa 5 au zaidi kurudi, kwa sababu saruji bado inapaswa kufika 31 na tani hazijapungua. Hakuna pampu ya kubadilisha hilo. Kwa hiyo haizimwi tena. Usiku themostati inashuka hadi 18, haishuki chini ya hapo. Saruji inabaki na nyuzi 27 zake, na asubuhi inahitaji kupanda 4 tu. Saa imewekwa saa 10 usiku. Ilipofika saa 12 na nusu asubuhi, watoto wakivaa sare, ilikuwa 20. Shemeji aliogopa kwamba kuiacha hivyo kutakula gesi nyingi zaidi. Anaandika mita kila Jumapili na nimemwambia aendelee kuandika hadi Machi, hapo ndipo tutaongea kwa namba badala ya hofu.

Nawe unayeishi Ulaya na sakafu inayochelewa, kabla hujamwita mtu akuuzie boila, iache ifanye kazi usiku kucha, kisha andika kwenye karatasi: lita za kila kibomba kwenye manifoldi, joto la maji yanayokwenda na yanayorudi, msukumo uliowekwa kwenye pampu, na joto la sakafu juu ya zulia na chini yake. Mpe fundi karatasi hiyo mlangoni. Akiikunja bila kuisoma, tafuta mwingine.